Upinde wa Mvua na Digrii 42: Mwongozo wa Kuikokotoa Pembe kwa Tone Moja

Tunafundishwa mapema kwamba upinde wa mvua hutokea nuru ya jua inapoingia ndani ya matone ya maji, ikapinda, ikaakisiwa na kutengana rangi. Maelezo hayo ni ya kweli, ila yanaliruka swali lililo gumu zaidi. Tone la mvua ni la mviringo, na jua huliangaza upande wake wote unaolielekea, kwa hiyo miale inaliingia kila mahali, katikati na pembeni. Kwa nini basi nuru inayorudi isitawanyike angani kote, bali ing'ae kwenye utepe mwembamba ulio umbali wa digrii 42 hivi kutoka sehemu moja maalumu? Mwongozo huu unalijibu swali hilo kwa kufuata miale ndani ya tone moja, kwa karatasi, bikari, kipimapembe na kikokotoo chenye sini, kisha unaonyesha namna ya kulihakiki jibu kwa chupa ya maji na kwa upinde wenyewe.

Hatua ya kwanza: jua pembe inapimwa kutoka wapi

Makosa mengi huanzia hapa, kwa sababu mtu husikia "digrii 42" akadhani ni kimo cha upinde kutoka kwenye upeo wa macho. Sivyo. Lipe jua mgongo na utazame kivuli cha kichwa chako. Ukivuta mstari kutoka kwenye jua, ukapita kichwani mwako na kufika kwenye kivuli hicho, mstari huo unaelekea mahali palipo kinyume kabisa na jua, na hapo ndipo kilipo kitovu cha upinde. Jua likiwa juu ya upeo wa macho, kitovu huwa chini yake kwa kiasi kilekile, ndiyo maana tunaona kipande tu cha duara na si duara zima.

Pembe ya digrii 42 ni ile iliyo kati ya mstari huo na mstari unaotoka jichoni mwako kwenda kwenye utepe wa rangi. Kila tone lililo kwenye pembe hiyo, liwe mita 3 kutoka kwako au kilomita 3, linaleta nuru jichoni mwako. Kwa hiyo upinde hauna mahali pake pa kukaa kama ulivyo mti au mlima. Una mwelekeo tu, na watu wawili waliosimama bega kwa bega wanaona kila mmoja upinde wake, kutoka kwenye matone yaliyo tofauti.

Hatua ya pili: chora tone na mwale mmoja

Chora duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 10. Hilo ndilo tone lako. Pitisha mstari wa mlalo katikati yake na uuite mhimili. Sasa chora mwale wa jua unaotoka kushoto, sambamba na mhimili, ukiwa sentimita 8 juu yake, hadi uguse duara. Umbali huo wa 8 ukiugawanya kwa nusu kipenyo cha 10 unapata 0.8. Namba hii nitaiita kimo cha mwale, na ndiyo pekee tutakayokuwa tukiibadilisha kuanzia hapa hadi mwisho.

Mahali mwale ulipogusa duara, chora mstari kutoka kwenye kitovu cha duara upite hapo na utokeze nje kidogo. Pembe iliyo kati ya mwale na mstari huo tuiite i. Ukiitazama pembetatu iliyojitokeza utaona kwamba sini ya i ni kile kimo chenyewe, yaani 0.8, kwa hiyo i ni digrii 53.1. Nuru inapotoka hewani kuingia majini hupinda kuuelekea mstari ule, na pembe mpya, r, inapatikana kwa kanuni hii:

`sin r = sin i / n`

Herufi n inaonyesha maji yanapinda nuru kwa kiasi gani, na kwa maji safi ni 1.333 hivi. Sini ya r basi ni 0.6, na r ni digrii 36.9. Chora mwale wa ndani kwa pembe hiyo hadi ufike ukuta wa nyuma wa tone. Hapo unaakisiwa kwa pembe ileile ya 36.9, unarudi mbele, unafika usoni pa tone upande wa chini, na kutoka nje kwa digrii 53.1 zilezile ulizoingia nazo. Pembe za ndani haziwezi kubadilika, kwa sababu kila kipande cha mwale ndani ya tone, pamoja na nusu kipenyo mbili zinazokifikia kwenye ncha zake, hufanya pembetatu yenye pande mbili zilizo sawa, na pembetatu ya namna hiyo huwa na pembe mbili zilizo sawa pia.

Sasa jumlisha namna mwale ulivyogeuzwa. Kuingia kumeugeuza digrii 16.3, ambayo ni i kutoa r. Kuakisiwa kumeugeuza 106.3, na kutoka kumeugeuza tena 16.3. Jumla ni kama digrii 138.8. Kama ungegeuzwa 180 kamili ungerudi kulekule jua lilikotoka. Umepungukiwa na digrii 41.2, na hiyo ndiyo pembe tunayoitafuta, kati ya njia ya mwale unaotoka na mstari wa jua. Hesabu hiyo yote inafupika hivi:

`pembe = 4r − 2i`

Nisimame kidogo kwenye ule ukuta wa nyuma, kwa kuwa maandishi mengi hukosea hapo. Husemwa kwamba nuru yote huakisiwa nyuma ya tone bila kuvuja. Hilo haliwezekani. Ili nuru ndani ya maji izuiwe kabisa isitoke, lazima iupige ukuta kwa pembe inayozidi digrii 48.6, na mwale ulioingia kutoka nje hauwezi kuwa na r inayozidi hapo, hata uwe umegusa ukingo kabisa wa tone. Kwa miale inayotengeneza upinde, ni kama asilimia 6 tu ya nuru iliyofika nyuma ndiyo inayoakisiwa. Iliyobaki inatokea upande wa pili na kwenda zake. Upinde tunaoustaajabia umetengenezwa na masalio.

Hatua ya tatu: rudia kwa miale mingine

Mwale mmoja umetupa 41.2, lakini tuliuchagua wenyewe, na hatujui bado kama wengine watafanya hivyohivyo. Badilisha kimo, anza na 0 katikati ya tone hadi 1 ukingoni, na urudie hesabu kwa n ya 4/3, yaani 1.333 hivi. Ninashauri uifanye kwa mkono wako angalau kwa vimo vitano, maana namba zikitoka kwenye kikokotoo chako mwenyewe utaona kitu ambacho mchoro hauonyeshi vizuri.

| Kimo cha mwale | i (digrii) | r (digrii) | 4r − 2i |
|---|---|---|---|
| 0 | 0 | 0 | 0 |
| 0.2 | 11.5 | 8.6 | 11.4 |
| 0.4 | 23.6 | 17.5 | 22.7 |
| 0.6 | 36.9 | 26.7 | 33.2 |
| 0.8 | 53.1 | 36.9 | 41.2 |
| 0.86 | 59.3 | 40.2 | 42.0 |
| 0.9 | 64.2 | 42.5 | 41.5 |
| 0.95 | 71.8 | 45.4 | 38.1 |
| 1 | 90 | 48.6 | 14.4 |

Ukizidisha r ya jedwali kwa 4 unaweza kutofautiana na safu ya mwisho kwa moja ya kumi au zaidi kidogo. Hiyo inatokana na kupunguza tarakimu. Acha kikokotoo kibaki na tarakimu zote mpaka mwisho na tofauti itaondoka.

Hatua ya nne: tazama mahali namba zinapogeuka

Safu ya mwisho inapanda kutoka 0, inafika 42.0, kisha inashuka. Jibu zima limo katika kupanda na kushuka huko. Kwanza, hakuna mwale hata mmoja, katika yote iliyoakisiwa mara moja, unaotoka kwa pembe inayozidi 42. Tone halitumi nuru kwenye digrii 42 peke yake; linaituma kila mahali kuanzia 0 hadi 42, kisha linakoma.

Pili, na hili ndilo linaloupa upinde mng'ao, miale husongamana pale namba zinapogeuka. Jiwe lililorushwa juu huenda kasi likiwa chini, lakini likikaribia kilele linakuwa kama limesita, na muda mwingi wa safari yake hupita karibu na kilele. Pembe yetu inafanya vivyo hivyo. Kimo kikitoka 0 kwenda 0.2, pembe inaruka digrii 11 nzima. Kikitoka 0.8 kwenda 0.9, inapanda kutoka 41.2 hadi 42.0 na kurudi 41.5, yote ndani ya upana usiofika digrii moja.

Tuhesabu na kiasi cha nuru. Ukilitazama tone kutoka upande wa jua, linaonekana kama sahani ya duara, na nuru inayoingia sehemu yoyote ya sahani inalingana na eneo la sehemu hiyo. Sehemu ya katikati, hadi kimo cha 0.2, ina eneo la 0.2 × 0.2, yaani asilimia 4 ya sahani. Pete iliyo kati ya 0.8 na 0.9 ina 0.81 kutoa 0.64, yaani asilimia 17. Kwa hiyo asilimia 4 ya nuru inasambazwa kwenye digrii 11, ilhali asilimia 17 imebanwa ndani ya digrii isiyofika moja. Hakuna haja ya kutafuta sababu nyingine ya ule utepe kung'aa kuliko anga inayouzunguka.

Hesabu hii aliifanya René Descartes, akaichapisha mwaka 1637, akifuata mwale baada ya mwale kama tulivyofanya. Karne tatu kabla yake, mwanzoni mwa miaka ya 1300, Kamal al-Din al-Farisi na Theodoric wa Freiberg, bila kufahamiana, walikuwa wamekwisha kuifuata njia ya nuru kwa kutumia vyombo vya kioo vilivyojazwa maji badala ya tone.

Ukipenda kupata kilele bila kubahatisha, kipo pale ambapo:

`cos i = √((n² − 1) / 3)`

Kwa n ya 1.333 inatoka i ya digrii 59.4, sawa na kimo cha 0.86 tulichokwisha kukiona kwenye jedwali.

Hatua ya tano: weka rangi

Maji hayapindi rangi zote sawa. Kwa nyekundu n ni 1.331 hivi, na kwa urujuani ni 1.343 hivi. Tofauti hiyo ni ndogo, ila ukiipitisha kwenye kanuni, kilele cha nyekundu kinatoka digrii 42.37 na cha urujuani digrii 40.65. Rangi nyingine zinajipanga katikati. Nyekundu hukaa ukingo wa nje kwa sababu ndiyo inayopindwa kidogo kuliko zote, hivyo kilele chake kinafika mbali kuliko vingine.

Fikiri sasa unatazama digrii 42.2. Nyekundu ipo, tena kwa wingi, lakini urujuani na buluu zilikwisha kukoma kabla ya hapo, unaona wekundu. Shuka hadi digrii 35. Hapo rangi zote zipo, kila moja kwa kiasi kidogo, na zikichanganyika zinakuwa nyeupe. Ndiyo sababu anga iliyo ndani ya upinde huwa na weupe fulani, na iliyo nje ya ukingo mwekundu huwa na kiza kidogo. Ukiwa na upinde mzuri mbele yako, linganisha sehemu hizo mbili kabla ya kuangalia rangi. Tofauti yake huonekana hata kwenye picha ya simu, na ndiyo alama ya wazi kwamba 42 ni mpaka. Upinde wa pili, uliofifia na wenye rangi zilizopinduka, unatokana na miale iliyoakisiwa mara mbili na hukaa karibu digrii 51. Huo una hesabu yake na sitauingia hapa.

Unene wa utepe nao unatoka hapahapa. Tofauti ya 42.37 na 40.65 ni digrii 1.7 hivi. Jua lenyewe si nukta, lina upana wa nusu digrii angani, na hiyo huongezeka, hivyo utepe unakuwa na digrii 2 na kitu, huku rangi zikilaliana kidogo.

Hatua ya sita: ipime kwa chupa ya maji

Utahitaji chupa ya maabara yenye tumbo la duara, chumba cha giza chenye dirisha linaloingiza jua moja kwa moja, na ubao mweupe wenye upana wa sentimita 80 uliotobolewa katikati tundu lenye upana wa tumbo la chupa. Tuseme tumbo lina kipenyo cha sentimita 10. Jaza maji safi hadi shingoni, weka ubao kati ya dirisha na chupa ili jua lipite tunduni na kuliangaza tumbo lote, kisha weka chupa ili kitovu chake kiwe sentimita 30 kutoka ubaoni. Kwenye uso wa ubao unaotazamana na chupa utaona pete ya rangi, nyekundu nje. Sehemu yake moja itakuwa imekatika. Hiyo ni kazi ya shingo ya chupa.

Pima sasa kutoka katikati ya tundu hadi kwenye wekundu. Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilipata sentimita 33 hivi, nikagawanya kwa 30, nikatoka na pembe ya karibu digrii 48, na nikamaliza alasiri nzima nikiilaumu chupa. Kosa lilikuwa langu. Mwale hautoki kwenye kitovu cha chupa, unatoka karibu na ukingo wake wa chini, kwa hiyo unaanza safari ukiwa tayari mbali na mhimili. Kwa pembe ya 42 nafasi hiyo inaongeza mara 1.16 ya nusu kipenyo cha chupa, yaani sentimita 5.8 kwa chupa yetu. Ziondoe kwenye 33 na zinabaki 27.2, gawanya kwa 30 upate 0.907, ambayo ni tanjenti ya digrii 42.2. Kwa mvua halisi sahihisho hili halina maana, kwa sababu tone la milimita 2 likilinganishwa na umbali wake kutoka jichoni ni sawa na nukta.

Pete isipoonekana kabisa, mara nyingi chumba hakina giza la kutosha, au tundu ni dogo mno. Miale tunayoihitaji inaingia kwenye kimo cha 0.86, karibu na ukingo, na tundu jembamba katikati ya ubao linaizuia hiyohiyo na kuruhusu isiyo na kazi.

Hatua ya saba: itumie angani

Kwa kuwa kitovu kiko chini ya upeo wa macho kwa kiasi cha kimo cha jua, kilele cha upinde kinakuwa juu ya upeo huo kwa digrii 42 kutoa kimo cha jua. Kimo hicho unakipata kwa fimbo. Simamisha fimbo ya mita 1 wima juu ya ardhi tambarare na upime kivuli chake. Kivuli kikiwa mita 2.14, jua liko digrii 25, na upinde, mvua ikinyesha upande wa pili, utafika digrii 17 tu. Kivuli kikiwa kifupi kuliko mita 1.11, jua limepita digrii 42, na hakuna haja ya kutoka nje kutazama, maana upinde wote uko chini ya upeo wa macho. Kwa kupima bila kifaa, nyoosha mkono na ufumbate ngumi: upana wake ni takriban digrii 10.

Pembe haitegemei ukubwa wa tone, maana katika hesabu yetu nusu kipenyo kilijifuta tulipokigawanya mwanzoni. Lakini hilo lina mipaka. Matone makubwa sana yanayoanguka hubanwa na hewa yakawa bapa kidogo, na hayafuati tena hesabu ya duara. Matone madogo mno, kama ya ukungu, hutawanya nuru upana mkubwa kiasi kwamba rangi zinalaliana, na upinde wake huwa mweupe. Na maji yenyewe yakibadilika, pembe inabadilika: ya bahari, kwa chumvi yake, yana n kubwa zaidi, hivyo upinde unaotokea kwenye marasharasha ya mawimbi ni mdogo kwa karibu digrii 0.8. Ukipata bahati ya kuona mvua ikinyesha juu ya marasharasha hayo, utaona utepe umevunjika pale ulipotoka kwenye maji ya mvua na kuingia kwenye maji ya chumvi.

Isipotokea mvua, bomba la kumwagilia linatosha. Lipe jua mgongo, minya mdomo wa bomba mpaka maji yatoke kama vumbi, na uyarushe kuzunguka kivuli cha kichwa chako, juu na chini. Kwa kuwa matone sasa yako hata mbele ya miguu yako, upinde hauishii kwenye upeo wa macho. Ukiyatandaza vizuri, utaliona duara zima, kivuli cha kichwa kikiwa katikati yake.